Watu Tisa Kati ya Mia

Kaka yake Fundi alipoingia, kabla hata ya salamu, alikwenda kupitisha soli ya kiatu kwenye sakafu ya bafuni. Alifanya hivyo kila Jumapili, mwaka wa pili sasa. Anafungua mlango, ananyoosha mguu, anasugua saruji mara mbili kama mtu anayezima kipisi cha sigara, halafu anageuza kiatu na kukitazama chini.

"Leo pakavu," alisema. "Hongera."

Fundi alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake, akishona kola ya sare ya shule. Mguu haukuacha kukanyaga. Alikuwa amebana pini tatu midomoni na alishukuru kuwa nazo, maana bila hizo angejibu, na akijibu wangeanza upya. Wangeanza na asubuhi ile mama yao alipoanguka bafuni akavunjika nyonga. Wangepita kwenye ndoo aliyodaiwa kuiacha, kwenye maji aliyodaiwa kumwaga, wangefika kwenye lile neno ambalo kaka yake alilitamka hospitalini mbele ya shangazi, binamu na wauguzi wawili: uzembe. Neno hilo lilikuwa limezunguka ukoo mzima. Kwenye arusi ya binamu, mtu mmoja alimwambia Fundi, akicheka, asishike jagi la maji. Watu walicheka naye. Yeye alikwenda kulia chooni, akarudi na kula pilau.

Na sakafu alikuwa ameifuta. Aliifuta kwa shuka kuukuu, akalikamua, akalianika. Alikumbuka hata rangi ya lile shuka. Lakini nani anamwamini mtu kwa sababu anakumbuka rangi ya shuka?

"Alhamisi naenda kule kwenye kituo cha utafiti," alisema alipotoa pini. "Wanaandika karatasi ya matokeo ya zile dawa za presha. Wameita watu wachache waisome kwanza waone kama inaeleweka. Mama kanituma mimi."

"Wewe?" Kaka alicheka kwa pua. "Usome utafiti? Wewe usome futi kamba yako."

Mama yao alikuwa dirishani, fimbo yake ya miguu minne pembeni. "Mimi ngazi zao siziwezi," alisema. "Ameandikwa kwa niaba yangu." Akarudi kutazama barabara. Siku hizi alisema maneno machache, na watoto wake walikuwa wamezoea kugombana juu ya kichwa chake kama watu wanaorushiana mpira juu ya ukuta.

Fundi hakumwambia kaka yake alichokuwa akikitafuta. Mama alimeza dawa ya utafiti mwaka mzima. Vilikuwa vidonge vya aina mbili vilivyofanana kama pacha: nusu ya washiriki walipewa dawa mpya, nusu walipewa ile ya zamani, na hakuna aliyejua nani anameza ipi, si mgonjwa wala daktari, mpaka utafiti ukamalizika na hesabu zikafungwa. Mama alianguka katika mwezi wa nane wa utafiti. Fundi alikuwa amejiwekea tumaini moja tu, akalilea kama mtoto: kwamba karatasi ile itasema dawa mpya huangusha watu. Ikisema hivyo, ataibandika kwenye mlango wa bafuni, kwenye usawa wa macho ya kaka yake.

*

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, meza ndefu, feni inayolalamika, na chupa za maji zilizopangwa kama wanajeshi. Wasomaji walikuwa watano: Fundi, dereva mstaafu wa lori, muuza mboga aliyekuja na miwani ya mumewe, mwalimu wa chekechea, na bwana mmoja mnyamavu aliyesema yeye ni mlinzi na akaishia hapo. Wote walikuwa wameshiriki utafiti au kumuuguza aliyeshiriki.

Mwandishi wa karatasi alikuwa kijana mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni. Aliwagawia kurasa mbili kila mmoja.

"Hii ni rasimu," alisema. "Haitoki humu ndani mpaka kamati ya maadili iipitishe. Ninyi mmekuja kunisahihisha mimi, hampo kwenye mtihani. Neno lolote likikukwama, lizungushie. Msinionee haya."

"Hatukuonei haya," alisema dereva mstaafu. "Tukuonee wewe nani?"

Wakacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa muda mrefu.

Fundi alisoma kidole kikimtangulia. Karatasi ilianza kwa kuwashukuru washiriki mia sita. Ikaeleza kwa nini utafiti ulifanywa. Kisha matokeo: baada ya mwaka mmoja, presha ilikuwa imeshuka kiasi kilichotakiwa kwa watu 64 kati ya kila 100 waliotumia dawa mpya, na kwa watu 52 kati ya kila 100 waliotumia dawa ya zamani. Chini yake: *Haya ni matokeo ya utafiti mmoja. Tafiti nyingine zinaweza kupata majibu tofauti.* Aliielewa kila sentensi, na hilo lilimshangaza, maana alikuja akiwa amejiandaa kudharauliwa.

Akageuza ukurasa. *Madhara yaliyoonekana.* Kuumwa kichwa: 8 kati ya 100 kwa dawa mpya, 7 kwa ya zamani. Kuvimba miguu: 6, na 9. Kikohozi kikavu: 5, na 5. Basi.

Alisoma tena. Akasoma kwa mara ya tatu, kidole kikikwaruza karatasi. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja kwamba watu 14 wa dawa mpya na 11 wa dawa ya zamani walipata madhara makubwa, wengi wakalazwa hospitali, na kwamba madaktari wa utafiti hawakuona kuwa madhara hayo yalitokana na dawa.

Damu ilimchemka kuanzia visigino.

"Waliodondoka wako wapi?" aliuliza.

Mwandishi aliinua kichwa. "Samahani?"

"Walioanguka. Mama yangu alivunjika nyonga akimeza vidonge vyenu. Mlikuja nyumbani mkaandika. Nilimpa kiti yule muuguzi wenu, nikampa na chai. Ameandika wapi? Mmeandika kikohozi, mmeandika kichwa, nyonga ya mama yangu mmeitia kapu gani?"

"Na mimi nilizimia," alisema mlinzi ghafla. "Kazini. Nilisimama nifungue geti, nikajikuta chini."

"Mume wangu kizunguzungu kila akitoka kitandani," alisema muuza mboga. "Nilidhani ni mimi tu namkorofisha."

Mwandishi alikuwa ameanza kujitetea kwa sauti ya upole, ile sauti ya mtu anayemshusha paka mtini. Kuna madhara mengi sana, alisema, mamia. Yote yakiandikwa, karatasi itakuwa kitabu na hakuna atakayeisoma. Kwa hiyo utaratibu ni kuorodhesha yale yaliyowapata watu watano au zaidi kati ya mia. "Kizunguzungu cha kusimama kilikuwa wanne kati ya mia. Kuzimia, watatu. Kuanguka, watatu. Kuvunjika mfupa, mmoja. Yote yako chini ya mstari. Sikuyaficha, dada. Nilifuata utaratibu."

Fundi alimkodolea macho. Kisha akachukua karatasi yake, akaikunja, akaichana vipande vinne mbele yao, taratibu, kwa mikono ya mtu aliyekata vitambaa miaka ishirini.

"Mteja akiniletea kitambaa cha gauni," alisema, "nikakikata vipande vinne, nikampelekea kimoja kimoja, kila mara nikimwambia mama, hiki hakitoshi gauni, hiki nacho hakitoshi, nitakuwa sijamdanganya. Kila kipande kweli hakitoshi. Lakini gauni lake nitakuwa nimeliiba." Alivipanga vile vipande mezani vikagusana. "Mtu anasimama, kichwa kinazunguka, anazimia, anaanguka, anavunjika. Hiyo ni safari moja. Ninyi mmeikata vituo vinne, kisha mnasema hakuna aliyesafiri."

Feni ililalamika. Mwandishi alivitazama vile vipande vinne, na usoni mwake Fundi aliona kitu ambacho hakukitarajia: alikuwa ameona haya. Si haya ya kukemewa. Ilikuwa ya fundi aliyegundua mshono wake umekwenda upogo na nguo imeshavaliwa.

"Nipeni dakika kumi," alisema, akatoka.

Alirudi na mwanamke mfupi mwenye kompyuta kifuani. Huyo alikuwa mtakwimu wa utafiti, mtu wa kuongea kama anayelipia kila neno.

"Tangu mwanzo, kabla mtu wa kwanza hajameza kidonge," mtakwimu alisema, "tuliandika kwenye mpango wa utafiti kwamba mambo hayo manne yatahesabiwa pia kwa pamoja. Tulijua dawa inayoshusha presha inaweza kuangusha watu. Hesabu ipo. Jedwali la arobaini na moja, kwenye ripoti kubwa."

"Kwa hiyo si kitu cha kubuni leo," alisema mwandishi. "Ingekuwa haimo kwenye ripoti, nisingeweza kuiandika hata ningetaka. Lakini imo. Nilichukua orodha ya kawaida tu, sikufungua jedwali lile. Kosa ni langu."

"Inasemaje?" aliuliza dereva mstaafu.

Mtakwimu alifungua kompyuta. Hakupata nafasi ya kujibu, kwa sababu mlango ulifunguka na Profesa akaingia.

*

Profesa ndiye aliyeongoza utafiti. Alikuwa mtu mrefu, koti lililopigwa pasi hadi likakata, na kikao kile hakikumhusu. Wasomaji walitakiwa waachwe waseme bila mkubwa kuwasimamia. Lakini mtu alikuwa amemnong'oneza kwamba kuna vurugu.

"Nimesikia tunataka kuandika upya sayansi," alisema, akisimama nyuma ya kiti bila kukaa.

"Tunaongeza mstari mmoja kutoka jedwali la arobaini na moja," alisema mwandishi.

"Hapana."

"Profesa..."

"Nimesema hapana. Unajua nini kitatokea? Nikwambie. Watu wataona 'kuanguka' wataacha vidonge. Wote, mpya na zamani. Watakaa nyumbani na presha yao, na baada ya miezi mitatu nitawapokea wamepooza upande mmoja, hawawezi kutaja majina ya watoto wao. Mimi ndiye ninayewapokea. Si wewe na kalamu zako nne." Sauti yake ilitetemeka kidogo, na Fundi, pamoja na hasira zake, aliona kwamba mtu huyu hakuwa akiigiza. Aliwaona kweli hao waliopooza. "Tumepata dawa inayofanya kazi. Miaka mitano! Na mnataka jambo la kwanza mtu alikumbuke liwe ni kudondoka bafuni?"

"Mtu anayedondoka bafuni atalikumbuka mwenyewe, hahitaji umkumbushe," alisema Fundi. "Mume wa huyu mama ataacha vidonge kesho, maana anadhani ni uchawi au ni mkewe. Mngemwambia mapema, angejua ainuke taratibu na akamweleze daktari wake."

"Na wewe ni nani?"

"Fundi cherehani."

"Basi baki na cherehani."

"Nitabaki nayo. Na wewe baki na adabu."

Mwalimu wa chekechea alishika mdomo. Dereva mstaafu alisema, "Eeh!" kama mtu aliyeona lori likipita penye kichochoro.

Profesa alikuwa amebadilika rangi. Labda kwa miaka mingi hakuna aliyemjibu hivyo. Aliinama, akaweka viganja viwili mezani, mbele ya vile vipande vinne vya karatasi, na akamtazama Fundi machoni.

"Sasa nimekutambua kwa sauti. Ni wewe uliyepiga simu wiki iliyopita ukiulizia nyonga ya mama yako. Nilikwenda kumtafuta kwenye orodha. Unataka kujua? Mama yako hakuwahi kuigusa dawa mpya. Alikuwa kundi la dawa ya zamani. Mwaka mzima! Kwa hiyo hiyo chuki yako na dawa yangu haina mguu wala mkono. Katafute mchawi mwingine."

Mtakwimu aliweka kalamu chini, polepole, kama mtu anayeweka yai. Mwandishi alikuwa wa kwanza kupata sauti, na haikuwa tena ile ya kumshusha paka. "Hilo hukuwa na ruhusa ya kulisema," alisema. "Mshiriki anaweza kuuliza alikuwa kundi gani, na anaambiwa yeye, faraghani. Umeitoa siri ya mgonjwa mbele ya watu saba, ili umnyamazishe binti yake."

Profesa aliondoa viganja mezani, akashika mgongo wa kiti. Ungemwona, ungedhani yeye mwenyewe ndiye aliyesimama haraka.

Lakini Fundi hakuwa akiwasikiliza. Ndani yake kitu kilikuwa kikiporomoka bila kishindo, kama rafu ya vitambaa inayolegea misumari. Dawa ya zamani. Kwa hiyo karatasi hii, hata ikisema lolote kuhusu dawa mpya, haitasema lolote kuhusu bafu lake. Hatabandika kitu mlangoni. Ndoo itabaki ndoo, uzembe utabaki uzembe, na Jumapili soli ya kiatu itasugua saruji. Alikuwa amepanda ngazi zile kwa ajili ya kitu kimoja, na kitu hicho hakikuwepo, hakikuwahi kuwepo.

Wote walikuwa wakimtazama. Walikuwa wakingoja akae, au alie, au achukue mkoba wake. Ingekuwa haki yake.

Alimtazama mlinzi aliyezimia getini. Yule bwana alikuwa ameshika chupa ya maji kwa mikono miwili na hakuwa amekunywa.

"Haya," alisema Fundi. "Mama yangu mtoeni. Dawa mpya wamebaki wangapi?"

"Nini?" alisema Profesa.

"Simsemeshi huyo. Namuuliza huyu dada wa hesabu. Wamebaki wangapi?"

Mtakwimu alisoma kwenye kioo. "Ishirini na saba kati ya mia tatu. Watu tisa kati ya mia. Aliyezimia kisha akaanguka nimemhesabu mara moja. Dawa ya zamani ni tisa kati ya mia tatu. Watu watatu kati ya mia."

"Mara tatu," alinong'ona mwalimu wa chekechea.

"Usiandike 'mara tatu'," alisema mwandishi haraka. "Hiyo inatisha kuliko ukweli. Tutaandika tisa na watatu, kati ya mia ile ile, kama tulivyoandika kwenye presha."

"Basi andika," alisema Fundi. "Na uandike pia anachosema huyu, kwamba mtu asiache dawa bila kuzungumza na daktari wake. Hilo ni kweli, hata kama limetoka kinywani mwake."

Mwandishi alisimama ubaoni. Wakagombania maneno saa nzima. Muuza mboga alikataa "kupoteza fahamu", akasema watu wanazimia. Mlinzi alitaka iandikwe kwamba hutokea mtu anaposimama, na mtakwimu akakubali kwa kizunguzungu tu, kwa sababu hicho ndicho kilichopimwa hivyo. Waliozimia au kuanguka hawakuulizwa kama walikuwa wakisimama. Wakabishana kama iwe ukurasa wa kwanza au wa pili. Profesa alisema wa pili. Wasomaji watano walisema wa kwanza, chini tu ya matokeo ya presha, mtu aone faida na hasara kwa kutupa jicho mara moja. Alipoona anabishana na watu ambao hawakuwa na cheo cha kupoteza, Profesa alitoka bila kuaga.

Mlangoni, mwandishi alimfuata Fundi. "Leo hii naandika taarifa kwenye kamati ya maadili, kuhusu alichokisema. Nitaweka jina lake, na langu, maana kikao kilikuwa changu na nilimwacha aingie. Mama yako anapaswa kuambiwa kwamba siri yake imetoka. Tutakuja sisi, ama..."

"Nitamwambia mimi," alisema Fundi. Akashuka ngazi, na kwa wiki saba hakumwambia.

*

Bahasha ilifika Jumamosi ikiwa na jina la mama. Fundi aliifungua kwa mkasi bila kufikiri, kama anavyofungua kila kitu. Kurasa mbili, kamati imezipitisha. Mstari wao ulikuwa pale pale walipoutaka.

Jumapili kaka yake akaja. Akasugua sakafu. Akatazama soli. Fundi akamnyooshea karatasi.

"Ndiyo hii," alisema.

Kaka alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza. Alipofika katikati ya ukurasa wa kwanza midomo ilisimama. *Kizunguzungu wakati wa kusimama, kuzimia, kuanguka, au kuvunjika mfupa kwa sababu ya kuanguka: watu 9 kati ya kila 100 waliotumia dawa mpya, na watu 3 kati ya kila 100 waliotumia dawa ya zamani.* Alirudia. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na cherehani, karibu kuliko alivyokaa kwa miaka miwili.

"Tisa kati ya mia," alisema. "Dada. Kumbe hizi dawa ndizo..." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Mbona hukuniambia mapema?"

Alimwita dada. Hilo neno lilimpiga Fundi kifuani. Alichotakiwa kufanya sasa ni kunyamaza tu. Asiseme uongo hata kidogo, akanyage cherehani, na aache kaka yake afike mwenyewe alikokuwa anakwenda. Shangazi wangejua kabla jua halijazama. Binamu naye angejua.

Alikanyaga mishono minne, mitano. Uzi ukakatika.

"Mama hakupewa dawa mpya," alisema. "Alikuwa kundi la zamani. Kwenye wale tisa hayumo."

Kaka alimtazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Kisha akasimama, na kiti kikaanguka nyuma yake. "Sasa ulikuwa unanipa nini? Unanionyesha karatasi ya watu wengine ili iweje? Unataka kunifanya mjinga nyumbani kwa mama yangu?"

"Nimekwambia ukweli, ungenishukuru!"

"Ukweli ni ndoo!"

"Sakafu niliifuta!"

"Uliifuta na nani alikuona?"

"Bahasha hiyo," ilisema sauti kutoka dirishani, "imeandikwa jina la nani?"

Mama yao alikuwa amegeuka na kiti chake. Alinyoosha mkono. Kaka akampa karatasi. Alivaa miwani, akasoma kimyakimya, ukurasa wa kwanza, kidole chini ya kila mstari. Watoto wake walisimama kama wanafunzi waliochelewa.

"Watatu kati ya mia, dawa ya zamani," alisema. "Mmoja wao ni mimi. Mbona mnasema simo?"

Fundi alihisi uso ukimwaka. Wiki saba alikuwa amehesabu wale tisa tu, akawasahau watatu.

"Niliinuka upesi," mama aliendelea. "Nilikuwa nimeketi, nikainuka, dunia ikawa nyepesi. Basi. Maji siyakumbuki. Kwamba palikuwa pakavu, hilo nalo silikumbuki. Sitamdanganya mtu."

"Mama," kaka alisema, "mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe ulifika hospitali na mkosaji umeshamshika mkononi. Na wewe," akamgeukia Fundi, "kazi yako kutafuta shahidi. Mwaka wa pili. Mimi niliyeanguka ndiye pekee ambaye hamjamuuliza alivyoanguka." Alikunja karatasi. "Na umejuaje nilikuwa kundi gani? Mimi mwenyewe sikuuliza."

Fundi alimweleza. Alieleza yote, ngazi, vipande vinne, Profesa na viganja vyake mezani, na wiki saba za kunyamaza. Mama alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa mara moja, kwa namna ambayo Fundi alijua hesabu yake itakuja baadaye.

"Mbele ya watu saba," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nipe simu."

Chini ya ukurasa wa pili palikuwa na namba, na maneno *Ukiwa na swali lolote kuhusu utafiti huu, tupigie.* Mama alibonyeza tarakimu moja moja. Kaka alitaka kusema leo ni Jumapili, hakuna mtu, lakini mtu alipokea.

"Halo," alisema mama. "Namtaka Profesa. Eeh, nitasubiri." Alisubiri, macho yake kwa watoto wake wawili, akawaonyesha kwa kidole wakae, nao wakakaa. "Mwambie mmoja wa wale watatu anamtafuta."